Shajara ya pepa yangu ya hesabu: maksi 58 zimeenda wapi

Siku ya 1

Leo ticha karudisha pepa. Juu kabisa kwenye kona ameandika 41 na kuizungushia duara jekundu, nikaikunja mara nne nikaitia mfukoni nikaenda dukani kufungua kama kawaida. Kwa wasionijua, mimi narisiti hesabu ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni tuisheni. D ninayo tayari, ila kozi ninayoitaka wanahitaji C, na C inaanzia 45, kwa hiyo kwa pepa hii ya majaribio nimekosa maksi nne tu. Ndo maana inauma. Ingekuwa 15 ningelala tu.

Mtindo wangu wa siku zote pepa ikirudi ni kuangalia maksi, kuangalia za wenzangu, kufungua pale penye X nyingi nikasema "aaah hili nalijua bwana, niliteleza tu" halafu pepa inaishia chini ya godoro. Nimefanya hivyo tangu niko shule. Safari hii nataka niifanye kama mradi, kila maksi iliyopotea ijulikane ilipotelea mstari gani na mkono wangu ulikuwa unafanya nini pale.

Kitu cha kwanza nilichofanya usiku ni kujumlisha maksi upya kabla sijaanza kulia. Sehemu A maswali kumi ya maksi 6, nimepata 31 kati ya 60. Sehemu B maswali manne ya maksi 10, nimepata 11 kati ya 40. Jumla 42 sio 41, kuna maksi moja ya chini ya ukurasa haikuhesabiwa. Haibadilishi gredi ila nimeanza na faida, hehe. Kwa hiyo deni ni 58.

Siku ya 2

Nimemwonyesha ticha ile maksi moja, kaangalia kacheka kafuta 41 kaandika 42. Nikamwuliza sasa ticha mimi tatizo langu nini hasa, akanijibu "wewe unajua ila una haraka, punguza uzembe". Namheshimu sana huyu mwalimu ila hilo jibu nimeambiwa tangu darasa la tano na halijawahi kunipa hata nusu maksi. Uzembe ni jina tu. Ukiniambia nipunguze uzembe, kesho asubuhi nikikaa na peni nifanye nini tofauti? Sijui. Ndo maana kwenye daftari la mradi nimejiwekea sharti, neno uzembe haliruhusiwi, wala kuteleza, wala haraka. Lazima niandike kitendo.

Kitu kingine nimekigundua leo, X nyekundu haionyeshi kosa lilipozaliwa. Msahihishaji anaweka X pale jibu linapokuwa baya, lakini ukirudi juu kwa kidole mstari kwa mstari unakuta kosa limezaliwa mistari miwili mitatu kabla, tena mara nyingi mahali pasipo na alama yoyote ya peni nyekundu, au baya zaidi, mahali ambapo hapana mstari kabisa.

Siku ya 3 hadi ya 5

Pepa ya majibu nimeifungia kwenye droo ya duka, nimebaki na karatasi ya maswali tupu. Nimekaa siku tatu bila kuigusa makusudi ili majibu yanitoke kichwani, maana ukirudia swali dakika kumi baada ya kuona sahihisho hujipimi chochote, unanakili.

Siku ya 5 jioni nikarudia kila swali nililopoteza maksi, bila daftari, bila saa. Wazo lenyewe rahisi: nikilipata sasa hivi peke yangu basi maksi ile haikupotea kwa kutokujua, ilipotea kwa kitu kingine. Nikilikosa tena basi hilo ni la kwenda kusoma, hakuna ujanja.

Matokeo yalinishangaza. Kabla ya kuanza nilikuwa nimeapa kwamba mimi topiki zimenishinda, nikawa hata nimepanga kununua kitabu kipya. Kumbe kati ya 58, zile nisizojua kweli ni 25. Zilizobaki 33 nazijua. Kumi kati ya hizo ni za muda (kuna maswali mawili ya sehemu B sikuyagusa kabisa, moja la matriksi ambalo nyumbani nimepata 8 kati ya 10, jingine la dunia kama tufe ambalo nimeambulia 2), na 23 ziliandikwa na mkono huu huu kwenye maswali ambayo nayajua vizuri.

23. Yaani bila kusoma topiki hata moja mpya mtu huyu huyu alikuwa na uwezo wa kufika 65, na 65 ni B. Niliiangalia hiyo namba muda mrefu.

Ila kuna swali moja lilinifundisha kitu kwenye hilo zoezi, ngoja nilieleze vizuri kwa sababu karibu linipite. Swali la takwimu, tulipewa jedwali la maksi za wanafunzi 40: daraja 30–39 wapo 4, 40–49 wapo 8, 50–59 wapo 14, 60–69 wapo 9, 70–79 wapo 5. Tafuta wastani wa kati, ile median. Kwenye pepa nilipata 55.14, ticha kaweka X. Nikarudia nyumbani nikapata 55.14 tena! Nikasema ticha kakosea huyu, kama alivyokosea jumla. Kesho yake nikafungua droo, kwenye sahihisho la darasani jibu ni 55.21. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kwenye pepa ningeapa ni mambo ya kukadiria.

Fomula ni hii:

```
Median = L + ((N/2 - nb) / nw) × i
```

N/2 ni 20, waliotangulia nb ni 12, daraja la kati ni 50–59 lenye nw 14. Mpaka hapo tuko pamoja. Mimi nikaweka L = 50 na i = 9, kwa sababu daraja limeandikwa 50 mpaka 59 na 59 toa 50 ni 9, si ndiyo? Siyo. L ni mpaka halisi, katikati ya 49 na 50, yaani 49.5, na upana ni kutoka 49.5 hadi 59.5 ambao ni 10. Kwa hiyo

```
sahihi:  49.5 + (8/14) × 10 = 55.21
yangu:   50   + (8/14) × 9  = 55.14
```

Nilianza nusu mbele na nikatembea hatua fupi, makosa mawili yakakaribia kufutana, jibu likaonekana la maana. Miaka yote nimekuwa nikiijua fomula hii vibaya na hakuna kitu kilichonishtua kwa sababu jibu siku zote linaangukia karibu karibu. Hilo haliko kwenye fungu la mkono, liko kwenye fungu la kutokujua, na nadhani ndo hatari kuliko yote maana ukiwa hujui kitu unakwepa swali, ila ukikijua vibaya unaliingia kwa kujiamini kabisa. Bila kurudia bila kuangalia ningeliandika "niliteleza kwenye kukokotoa".

Siku ya 6

Leo duka halikuwa na watu kwa sababu ya mvua, nikatandika pepa kwenye kaunta pembeni ya misumari nikaanza kupita na kidole kwenye zile 23. Kila maksi nimeandika kitendo. Ziligawanyika zenyewe makundi matatu: 9 nimezipoteza mahali niliporuka mstari, 6 nimejibu kitu kisichoulizwa, 8 nilijua kitu sikukiandika.

Nianze na kuruka mstari. Mfano mmoja unatosha. Swali la kumi, tatua kwa kutumia fomula ya jumla

```
2x² - 5x - 3 = 0
```

Kwenye pepa yangu kuna fomula, ipo safi, nimepewa maksi 1. Halafu mstari unaofuata nimeandika x = (5 ± 1)/4, halafu x = 3/2 au x = 1. X nyekundu iko kwenye majibu ya mwisho. Maksi 3 zimekwenda. Lakini kosa halipo kwenye mstari wowote ulioandikwa! Hiyo 1 imetoka wapi? Imetoka kichwani, ni mzizi wa 25 − 24. Na 24 yenyewe ilitakiwa iwe ya kujumlisha, kwa sababu c ni −3, hivyo −4 mara 2 mara −3 ni +24, jumla 49, mzizi 7, x = 3 au x = −1/2.

Nikaangalia kingo za karatasi, nikakuta kwenye kona ya chini kwa penseli "25-4.2.3". Unaona? Kwenye rafu ile hasi ya 3 haipo. Nilipoipeleka kwenye kona niliiacha njiani, kwa sababu bila mabano alama ya kutoa na ya hasi zikikaa jirani jicho linaona moja. Na msahihishaji hawezi kunipa hata nusu ya njia kwa sababu njia sijaiandika, kwake yeye 1 imeshuka kutoka mbinguni.

Kwenye 9 zote stori ni hiyo hiyo na haina hata sura tofauti. Mabano yanafunguliwa kichwani (3(x−2) − 2(x−5), nikaandika −10 badala ya +10, kitu cha kidato cha kwanza), vipeo vinajumlishwa kichwani, sehemu inageuzwa kichwani. Kila mara mistari miwili imekuwa mmoja na kila mara kuna hasi.

Sasa kwa nini nafanya hivi? Nimejifikiria nikaangalia kaunta nikacheka mwenyewe. Mimi kutwa nzima napiga hesabu kichwani. Mteja anasema mifuko mitatu ya simenti, kilo mbili za misumari ya inchi nne, na nondo moja, mimi natamka jumla kabla hajamaliza sentensi, na hiyo ndo sifa yangu hapa mtaani. Mteja hataki mstari wa kati, anataka bei. Ila dukani hakuna hasi. Sijawahi kuuza mifuko hasi tatu ya simenti. Kwa hiyo kichwa changu kimezoezwa vizuri sana kwa hesabu zisizo na alama za kutoa, halafu nakipeleka kwenye pepa ambalo hasi ziko kila mahali.

Siku ya 7

Kundi la pili, kujibu kisichoulizwa, maksi 6. Hili nililiona kwa msaada wa mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Nilimpa karatasi ya maswali anisomee kwa sauti halafu anitafsirie kwa Kiswahili (maswali yetu ni ya Kiingereza), mimi naangalia nilichojibu. Akasoma swali la nane: mfuatano unaanza na 5, tofauti ni 3, tafuta jumla ya namba 20 za kwanza. Mimi kwenye pepa nina 62. Akaniangalia akasema "kaka, hiyo si namba ya ishirini yenyewe? Wao wanataka jumla." Jumla ni 670. Maksi 3 zote zimekwenda kwa sababu hata fomula niliyoandika ni ya kitu kingine.

Kipengele b cha hapo hapo, cha riba: laki mbili kwa asilimia 10 kwa mwaka, riba juu ya riba, miaka miwili, tafuta riba. Mimi nimeandika 242,000. Hesabu zote sahihi, ila hiyo ni hela yote, riba ni 42,000. Nimepewa 2 kati ya 3.

Na lile la logi, log(x+3) + log x = 1, nikapata x² + 3x − 10 = 0, nikapata x = 2 au x = −5, nikapiga mstari chini nikahama. Logi ya namba hasi haipo, −5 lazima ikataliwe kwa maandishi. Mbili zimeenda. Nililiweka kundi hili na sio la kutokujua kwa sababu nyumbani niliikataa bila kufikiri, kwenye pepa nilishafurahi kupata majibu mawili.

Kitendo hapa ni kipi? Nilisema neno haraka haliruhusiwi kwa hiyo nimechimba. Nikiona "5, 8, 11" mkono unaanza kuandika fomula kabla jicho halijafika mwisho wa sentensi. Na amri ya swali kwa kawaida iko mwisho wa sentensi. Ninasoma mpaka nitambue topiki, halafu naacha kusoma. Hicho ndo kitendo.

Siku ya 8

Kundi la tatu, maksi 8, na tano kati yake ziko swali moja la kumi na nne ambalo jibu lake la mwisho nimelipata. Ndiyo, jibu sahihi, maksi 5 kati ya 10. Nilipoletewa nilikuwa naona kama nimeonewa.

Swali lenyewe: fundi anashona mashati na sketi. Shati linakula kitambaa mita 2 na saa 1, sketi mita 1 na saa 2. Ana mita 20 na saa 16. Faida ya shati 3,000 na sketi 4,000. Ashone ngapi ngapi apate faida kubwa. Mimi nimeandika 2x + y ≤ 20 na x + 2y ≤ 16, nimechora mistari miwili, imekutana (8, 4), nimeandika "mashati 8 sketi 4, faida 40,000". Kweli kabisa.

Nilichokosa ni hivi. Sikuandika x ni nini na y ni nini, imekatwa 1. Sikuandika x ≥ 0 na y ≥ 0, 1 nyingine, nilidhani kila mtu anajua fundi hashoni mashati hasi (dukani tena!). Mihimili ya grafu haina skeli wala majina, 1. Na 2 za mwisho, sikuonyesha pembe nyingine. Eneo lina pembe nne, (0, 0), (10, 0), (8, 4) na (0, 8), faida zake ni 0, 30,000, 40,000 na 32,000. Nilizipima kwa macho kichwani nikaandika ile kubwa.

Nikaenda kulalamika. Nikamwambia "ticha, lakini jibu si ndo hilo?" Akaniambia "jibu ni hilo, lakini mimi nitajuaje kama hukubahatisha pale mistari ilipokutana? Mara nyingi jibu linakaa pale, sio kila mara. Faida ya sketi ingekuwa 7,000 ungejibu nini?" Nikapiga pale pale: (8, 4) inatoa 24,000 + 28,000 = 52,000, na (0, 8) inatoa 56,000. Jibu lingehama kwenye kona ya sketi tupu na mimi ningeandika 8 na 4 kwa kujiamini. Nikanyamaza. Kwa hiyo hata lile jibu sahihi nililipata kwa njia ambayo pepa jingine ingeniangusha.

Siku ya 9 hadi 20

Sasa kurekebisha. Nimejizuia kuweka sheria nyingi maana najijua. Nimeweka tatu tu, moja kwa kila kundi, na kila moja ni kitu kinachoonekana kwenye karatasi, yaani mtu mwingine akishika pepa anaweza kusema hapa umefanya hapa hujafanya.

Kwanza, kila namba hasi inayoingia kwenye fomula inavaa mabano, na hilo linaandikwa kwenye mstari wake. Hakuna kona, hakuna rafu. Yaani

```
b² - 4ac = (-5)² - 4(2)(-3) = 25 + 24 = 49
```

na ukipata x unairudisha kwenye swali. Ningerudisha ile x = 1 ningepata 2 − 5 − 3 = −6, sio 0, sekunde ishirini zingeokoa maksi 3.

Pili, kabla peni haijaandika kitu chochote inapiga mstari chini ya neno la amri kwenye karatasi ya maswali, na mwisho wa kazi macho yanarudi pale kabla ya kuhama. Tatu, maswali ya fundi na mkulima na ya hesabu za biashara yana vitu vya kuandika vilivyo vile vile kila mwaka, nimevikariri kama shahada, na naviandika kabla ya hesabu.

Mazoezi nafanya sita kila jioni, yote ya hasi na mabano, na sihesabu majibu sahihi, nahesabu ni mara ngapi nimeruka mstari. Siku ya kwanza niliruka mara 5 kwenye maswali sita wakati najua kabisa najipima! Mkono una akili yake. Siku ya nne mara 3. Siku ya sita nilipata yote sita lakini niliruka mara 4, na hiyo nimeiandika kama siku mbaya ingawa ukiangalia majibu ni siku nzuri, maana pepa lenye hasi chache litakupongeza tu. Siku ya kumi na moja sifuri. Ya kumi na mbili moja.

Gharama ipo na sijaificha, swali la fomula ya jumla nililokuwa namaliza dakika tatu sasa linakula nne na nusu.

Siku ya 21

Kuhusu muda, nimeukwepa mpaka leo. Pepa ni masaa matatu, dakika 180 kwa maksi 100, kila maksi ina dakika 1.8. Swali la 6 karibu dakika 11, la 10 dakika 18. Nakumbuka ile siku tulianza saa tatu kamili na nilipotoka swali la nne saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi. Dakika 70 kwa maksi 24 zilizostahili 43. Nilikuwa napigania maksi moja ya mwisho ya jiometri ya kuratibu, na sikuipata, huku matriksi yenye maksi nane zangu inanisubiri ukurasa wa mwisho. Kwa pepa ijayo naandika saa kwa penseli kila ninapoanza swali, pembeni, ndogo.

Siku ya 27 hadi ya 30

Pepa ya pili imerudi. 54. Nimejumlisha, ni 54 kweli.

Nisishangilie sana, pepa ni tofauti na topiki zimekaa tofauti, safari hii takwimu iliulizwa na niliandika 49.5 ya kwake kwa raha zote. Ninachotazama ni zile 46 zilizopotea. Nimefanya kama mwanzo, droo, siku tatu, kurudia. Kutokujua 26. Mkono umeshuka kutoka 23 hadi 8: kuruka mstari 3, kujibu kisichoulizwa 2, kutoandika 3. Ila muda umepanda kutoka 10 hadi 12. Kama nilivyoogopa, mistari inakula dakika, na zile saa za penseli zinaonyesha swali la 7 la hesabu za biashara nilikaa dakika 26 nikichora leja kwa rula kama nachora ramani ya nyumba.

Zile 3 za kuruka mstari nimezifuatilia, zote ziko maswali ya 12 na 13, saa tano na nusu kwenda mbele. Sehemu A yote hakuna hata moja. Kwa hiyo mkono unashika sheria mpaka uchoke au uone saa, halafu unarudi dukani.

Mazoezi ya jioni nayahamisha, badala ya kuyafanya saa moja nikiwa fresh nitayafanya saa nne usiku baada ya kufunga mahesabu ya duka, na leja itachorwa bila rula. Dunia kama tufe bado sijaigusa, mdogo wangu kaniazima chungwa na kalamu ya maka, kesho tunaanza kuchora latitudo.